Nambari ya Oda Isafiri na Pesa

Ukifungua stetimenti ya Paybill ya M-Pesa kwenye kompyuta utakutana na safu nyingi. Kuna Receipt No., yaani nambari ya muamala. Kuna Completion Time, saa ambayo malipo yalikamilika, na kuna Paid In, kiasi kilichoingia. Mwisho kabisa, upande wa kulia ambako macho hufika yakiwa yameshachoka, kuna safu iitwayo A/C No. Hapo hutua chochote alichoandika mteja simu yake ilipomtaka aingize nambari ya akaunti. Kwa mtu anayeuza kwa oda, safu hiyo ina thamani kuliko jina la mlipaji na kuliko saa ya malipo. Ajabu ni kwamba wafanyabiashara wengi wadogo huacha mteja aijaze apendavyo.

Tuchukue mfano wa duka la madera la Mombasa. Mwenye duka hununua mzigo wake Barabara ya Biashara, hupiga picha, huziweka WhatsApp, na wateja wa Likoni, Kilifi, Malindi hadi Nairobi huagiza wakiwa makwao. Dera moja ni shilingi 1,500. Siku za mwisho za Ramadhani kila mtu anataka nguo ifike kabla ya Idi, na kwa siku moja anapokea oda 40. Kati ya hizo, 11 ni za dera moja moja kwa bei ile ile ya 1,500. Kwenye orodha ya hao 11 wamo wateja wanne waitwao Fatuma, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote wa Pwani.

Jioni anafungua stetimenti. Anaona Fatuma watatu waliolipa 1,500. Mmoja ameandika FATUMA kwenye nafasi ya akaunti, wa pili ameandika DERA, wa tatu ameweka sifuri tu ili simu imruhusu kuendelea. Fatuma wa nne haonekani, ila kuna Salim aliyelipa 1,500 saa tisa alasiri, na dukani hakuna oda ya Salim. Huenda Salim ni mume wa mmoja wa hao wanne. Huenda pia ni mtu aliyekosea nambari ya Paybill na pesa zake zilikuwa ziende kwingine kabisa. Kwa hiyo duka lina malipo manne na oda nne, hesabu inalingana, na bado mwenye duka hawezi kusema kwa hakika nani amelipa.

Zamani angetazama nambari ya simu ya mlipaji, ailinganishe na ile iliyopo WhatsApp, amalize. Njia hiyo imebanwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na katika mwelekeo huo wa kupunguza taarifa za watu zinazosambaa, malipo yanayoingia kwa biashara sasa huja na nambari ya simu iliyofichwa katikati kwa nyota, na jina la kwanza pekee. Binafsi naona hatua hiyo ilikuwa ya haki. Wanawake wengi walikuwa wakilipa dukani mchana na kutumiwa ujumbe wa kero usiku na mtu aliyeiba nambari yao kwenye orodha ya malipo. Lakini matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara aliyezoea kumtambua mteja kwa simu yake amebaki na jina moja, kiasi na saa. Hata simu ingeonekana yote, isingemsaidia kwa Salim, kwa sababu aliyeagiza na aliyelipa ni watu wawili wenye simu mbili.

Wengi wameziba pengo hili kwa kumwambia mteja, "Ukishalipa nitumie ujumbe wa M-Pesa." Mteja anatuma skrinshoti au ananakili ujumbe wenyewe, na muuzaji anafunga mzigo. Utaratibu huu una kasoro mbili, na moja ni ya hatari. Ya kwanza ni kazi: meseji 40 za WhatsApp zinatafutwa moja moja kwenye stetimenti, na nambari ya muamala ya herufi na tarakimu kumi inasomwa kwa jicho. Ya pili ni kwamba skrinshoti haikupita popote zaidi ya mikononi mwa mteja. Kubadilisha kiasi au tarehe kwenye picha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, na ujumbe wa kunakili unaweza kuhaririwa hata na asiyejua. Kile kilichoandikwa kwenye nafasi ya akaunti ni tofauti. Kilibebwa na muamala wenyewe, kikapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kikatua kwenye stetimenti ambayo mteja hana uwezo wa kuigusa. Mteja anaweza kuandika nambari isiyo yake, lakini hawezi kuifanya ionekane imelipiwa bila pesa kuingia kweli.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa mteja lisiwe atume ushahidi baada ya kulipa. Liwe aandike nambari ya oda wakati wa kulipa.

Kabla ya kuomba hivyo, muuzaji ahakikishe kwamba njia yake ya kupokea pesa ina mahali pa kuandika. Hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Paybill ina nafasi ya akaunti. Till, ile ya Buy Goods inayobandikwa ukutani dukani, haina: mteja huweka nambari ya Till, kiasi na PIN, basi. Kadhalika kutuma pesa kwa simu ya mtu binafsi. Ukimwambia mteja wa Till aandike nambari ya oda unamtaka afanye jambo ambalo simu yake haimpi nafasi ya kulifanya, naye atakujibu kwamba hakuona pa kuandika, na atakuwa anasema kweli.

Kuna hali ya tatu, nayo ni ya kawaida sana. Mfanyabiashara hupokea kwa Paybill ya benki, na kwenye nafasi ya akaunti mteja huandika nambari ya akaunti ya benki ya duka. Nafasi ipo lakini imeshatumika. Baadhi ya benki huruhusu kuongeza alama ya reli, yaani #, baada ya nambari ya akaunti, kisha maelezo mafupi. Ulizia tawini kwako kama yako inaruhusu na maelezo hayo yataonekana wapi. Ukijaribu bila kuuliza, malipo yanaweza kukataliwa, na mteja aliyekataliwa mara moja hana hamu ya kurudia.

Aliyebaki na Till hana budi kutumia kiasi chenyewe kama alama. Njia yake ni kwamba oda ambazo bado hazijalipwa zisilingane bei hata mbili. Zile oda 11 za shilingi 1,500 zipewe 1,500, 1,499, 1,498, hivyo hivyo hadi 1,490. Punguza, usiongeze, kwa maana mteja aliyeambiwa bei 1,500 kisha akadaiwa 1,507 atahisi ameongezewa kwa hila, lakini wa 1,493 hatagomba. Punguzo lote kwa oda 11 ni shilingi 55. Udhaifu wake ni mteja mkarimu: anaona 1,493, anaona usumbufu, analipa 1,500 mzima, na kwa wema wake ameondoa alama uliyomwekea. Njia hii inafaa duka dogo lenye oda chache zinazosubiri kwa pamoja. Oda zikiwa 100 itakuchosha.

Turudi kwenye Paybill, maana huko ndiko nambari ya oda inakoweza kufanya kazi yake. Nambari yenyewe iweje?

Kwanza iwe tarakimu tupu. Wenye maduka hupenda kubuni nambari kama DRA-IDI-O18, inayopendeza kwenye karatasi. Mteja mwenye kitochi atalazimika kubonyeza kitufe kimoja mara kadhaa kupata herufi moja. Mwenye simu janja naye atachanganya O na sifuri, I na moja, S na tano, B na nane. Kila mkwaju na nukta ni mlango mwingine wa kosa. Tarakimu tano zinamtosha muuzaji wa kiwango hiki, na mtu anaweza kuzishika kichwani akihama kutoka WhatsApp kwenda kwenye menyu ya M-Pesa.

Pili, isiwe nambari ya simu ya mteja. Shule na wenye nyumba za kupangisha hutumia nambari moja kwa mtu mmoja, na inawafaa kwa sababu mpangaji ni yule yule kila mwezi. Oda ni kitu kingine. Mteja mmoja anaweza kuwa na oda mbili kwa wiki, moja imelipwa na nyingine bado, na nambari yake ya simu haitakwambia amelipia ipi.

Tatu, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, isiwe nambari inayoruhusu kosa dogo kuangukia kwa jirani. Tuseme oda 40 za siku ile zimepewa nambari za kufuatana, 4701 hadi 4740. Mteja wa 4712 anageuza tarakimu mbili bila kujua na kuandika 4721. Hiyo nayo ni oda hai ya mtu mwingine. Mwenye duka anaona 4721 imelipwa, kiasi ni 1,500 kama inavyotakiwa, anafunga mzigo na kuupeleka kwa mtu ambaye hajatoa hata shilingi. Aliyelipa anakaa kungoja. Nafasi ya akaunti iliyoachwa tupu ingekuwa afadhali, kwa kuwa ingemlazimisha muuzaji kuuliza. Nambari yenye makosa inayofanana na sahihi haimpi sababu ya kuuliza chochote.

Dawa yake ni tarakimu ya ukaguzi. Ni tarakimu moja inayoongezwa mwishoni, ikiwa imekokotolewa kutokana na zile za mbele, ili nambari ikikosewa isilingane tena na yenyewe. Njia maarufu ni ile ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeombea hataza yake mwaka 1954. Kadi za benki huitumia hadi leo, na tarakimu ya mwisho ya IMEI unayoiona ukipiga *#06# kwenye simu yako hupatikana kwa njia hiyo hiyo.

Tuifanyie kazi oda 4712. Anza kulia, na zidisha kwa mbili tarakimu moja kisha ruka moja. Mbili inakuwa 4. Moja inabaki 1. Saba inakuwa 14, na kwa kuwa imevuka tisa tunajumlisha tarakimu zake, moja na nne, tunapata 5. Nne inabaki 4. Jumla ni 14. Tunahitaji kufika kumi kamili inayofuata, yaani 20, kwa hiyo tarakimu ya ukaguzi ni 6 na nambari anayopewa mteja ni 47126. Kwa oda 4721 jumla inakuwa 13, tarakimu ya ukaguzi ni 7, na nambari ni 47217. Sasa yule mteja akigeuza tarakimu zile zile ataandika 47216, nambari ambayo haipo popote dukani. Kosa linajitangaza lenyewe. Njia ya Luhn hukamata kila kosa la tarakimu moja, na pia kugeuzwa kwa tarakimu mbili zinazofuatana, isipokuwa 09 ikigeuzwa 90 au kinyume chake.

Mwenye duka hahitaji kupiga hesabu hii kwa kila oda. Anaweza kumwomba kijana anayejua lahajedwali amtengenezee orodha ya nambari 500 mara moja, azichapishe, na kila oda ikija achukue inayofuata na kuikata. Nambari iliyokwisha kutumika isirudiwe, hata kama oda ilifutwa, kwa sababu kuna wateja hulipa oda iliyofutwa baada ya siku tano.

Sasa jinsi ya kuiomba. Nimesoma meseji nyingi za maduka zinazomwelekeza mteja kulipa, na karibu zote zina kasoro moja: zinaanza na kiasi, zinafuata na nambari ya Paybill, kisha maneno ya asante, na chini kabisa, kama jambo la nyongeza, "tafadhali andika nambari ya oda." Simu haiulizi kwa mpangilio huo. Ukichagua Lipa na M-PESA kisha Pay Bill, simu hutaka kwanza nambari ya biashara, halafu nambari ya akaunti, halafu kiasi, mwisho PIN. Mteja akifika kwenye akaunti, jicho lake linatafuta mstari wa pili wa meseji yako. Akikuta hapo maneno mengine ataandika jina lake na kusonga mbele, kwa sababu kwake akaunti ni jina. Meseji ifuate menyu, hatua kwa hatua:

```
Asante dada Fatuma. Oda yako: dera 1, Likoni.
Lipa na M-PESA > Pay Bill
Nambari ya biashara: (Paybill ya duka)
Nambari ya akaunti: 47126
Kiasi: 1500
Tukiona 47126 tunafunga mzigo wako leo.
```

Angalia kwamba meseji haisemi "nambari ya oda" inapofika kwenye 47126. Inasema "nambari ya akaunti," maneno yale yale ambayo mteja atayakuta kwenye skrini. Ukiandika "oda" hapo na simu ikauliza "akaunti," umemwachia mteja kazi ya kutambua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Mstari wa mwisho nao una kazi yake, kwa kuwa unampa mteja sababu inayomhusu yeye: nambari ndiyo inayofungua mzigo wake. Kumwambia kwamba inakurahisishia wewe hesabu hakumgusi. Anayetumia WhatsApp afanye jambo moja zaidi: atume 47126 peke yake kama ujumbe wa pili, ili mteja aishike kwa kidole na kuinakili bila kubeba maneno mengine.

Nambari hii apewe mteja kabla hajapewa Paybill, au zikija pamoja basi ziwe kwenye meseji moja. Duka lililobandika Paybill yake kwenye kila picha ya dera linakaribisha malipo ya watu ambao hawajapewa oda. Wanaona nguo, wanalipa papo hapo kwa hamu, kisha ndipo wanauliza kama saizi yao ipo.

Watanzania watasoma haya na kukumbuka kontrol namba. Tangu mwaka 2017 Serikali ya Tanzania imekuwa ikikusanya malipo yake kupitia mfumo wa GePG, na kila ankara hupewa nambari yake ya tarakimu 12 kabla mtu hajatoa shilingi. Ukilipa ada, faini au leseni, menyu ya simu inakutaka namba ya kumbukumbu ya malipo, na usipokuwa nayo huna pa kulipia. Mlipaji hakubembelezwa aandike. Mpangilio wenyewe ulimfikisha hapo. Muuza madera hana nguvu za serikali, lakini anaweza kuiga ule utaratibu wa nambari kutangulia malipo.

Duka likikua, zipo hatua mbili za kumpunguzia mteja mzigo huu, na zote hupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia watengeneza programu. Ya kwanza ni STK Push. Muuzaji anaingiza simu ya mteja, kiasi na nambari ya oda, na simu ya mteja inaonyesha ombi la malipo likiwa limejazwa tayari. Mteja anaweka PIN tu. Nafasi ya rejea hapo, iitwayo AccountReference, haizidi herufi 12, kwa hiyo tarakimu zetu tano zinaingia bila shida. Ombi hilo halidumu muda mrefu kwenye skrini, na mteja ambaye simu ipo kwenye chaji chumba kingine atalikosa. Tena atakayelipa ni Salim na simu uliyonayo ni ya Fatuma. Ndiyo maana hata penye STK Push maelekezo ya kulipa kwa mkono hayaondoki.

Hatua ya pili ni uhakiki. Paybill inaweza kuombewa ruhusa ili, kabla pesa hazijapokelewa, mtambo wa M-Pesa uulize mtambo wa duka: je, akaunti hii mnaijua? Nambari aliyoandika mteja hufika kwa jina la BillRefNumber. Ikiwa ni 47126 duka linakubali. Ikiwa ni 47216 duka linajibu C2B00012, maana yake nambari ya akaunti si sahihi, na malipo hayapokelewi. Kosa linamrudia mteja wakati bado ameshika simu, si saa tano usiku akiwa amelala. Lakini mtambo wa duka ukizimika, uamuzi unategemea ulichosajili mwanzoni: Completed, malipo yapite bila kuulizwa, au Cancelled, yakataliwe. Kwa muuzaji mdogo ambaye intaneti yake hukatika ningechagua Completed. Pesa isiyo na nambari unaweza kuitafutia mwenyewe, lakini mteja aliyekataliwa siku mbili kabla ya Idi ataenda duka la pili.

Hata kwa mpangilio mzuri namna gani, baadhi ya malipo yatakuja bila nambari, na kazi ya jioni ni kuyashughulikia bila kubahatisha. Mwenye duka letu achukue stetimenti na aipitie mara mbili. Mara ya kwanza asafishe safu ya A/C No. Wateja wataandika "oda 47126", "47126.", "NO 47126", "471 26". Aondoe kila kisicho tarakimu, zote zitabaki 47126. Hapo malipo mengi yatapata oda zake. Yenye nambari sahihi na kiasi sahihi yafungwe. Yenye nambari sahihi na kiasi pungufu yabaki wazi, na salio liandikwe kando ya oda hiyo hiyo bila kumpa mteja nambari mpya.

Mara ya pili ashughulike na mabaki. Nambari kama 47216 inashindwa ukaguzi, na ukitazama oda zilizo wazi utaona 47126 imetofautiana nayo kwa kugeuzwa tu. Hicho ni kidokezo cha kuulizia. Ampigie Fatuma wa 47126: "Dada, samahani, umeshalipa? Naomba unisomee nambari ya muamala." Asimsomee yeye mteja nambari hiyo kwanza, maana atakayejibu "ndiyo, ndiyo hiyo" hajathibitisha kitu. Akisomewa, aitafute kwenye stetimenti yake, herufi kwa herufi.

Nambari hiyo ya muamala ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi herufi zake tatu za mwanzo zimekuwa zikibeba tarehe. Chukua NLJ7RT61SV, mfano uliomo kwenye maelekezo ya Daraja, wa tarehe 19 Desemba 2019. N ni mwaka 2019, L ni mwezi wa kumi na mbili, na J ni siku ya 19, kwa kuwa siku 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu na kuanzia 10 zinaanza A, B, C. Miaka nayo hufuatana: O ni 2020, P ni 2021. Mtu akikuletea leo ujumbe wenye nambari ya mwezi uliopita, utashtuka hata kabla hujafungua kompyuta. Huo ni ukaguzi wa haraka tu. Neno la mwisho ni la stetimenti.

Malipo ambayo hayakupata mwenyewe siku hiyo yaandikwe kwenye daftari la pembeni, kila moja kwa nambari yake ya muamala, kiasi na kilichoandikwa kwenye akaunti, na yasiguswe kama mapato. Hapo ndipo Salim anakaa. Mteja aliyeona pesa zimetoka na mzigo haufiki ataanza kuomba arudishiwe, pengine kwa kutuma ujumbe wa muamala kwa 456, na ukiwa na daftari utakuwa umeshajua zilipo kabla hujaulizwa. Katika mfano wetu, Fatuma wa Malindi akiulizwa atasema mume wake alimlipia, na atamwomba Salim asome nambari ya muamala. Ikilingana, oda inafungwa. Fatuma watatu waliosalia nao wanaulizwa hivyo hivyo, simu tatu ambazo 47126 na wenzake wangeziokoa.

Limebaki jambo la mteja wa oda mbili. Shangazi wa Kilifi ana oda ya madera mawili aliyoagiza Jumatatu, na ya mabinti zake aliyoagiza Jumatano, naye anataka kulipa zote kwa muamala mmoja ili asikatwe ada mara mbili. Ukimwacha ataandika nambari moja kati ya mbili, na kiasi hakitalingana na oda yoyote, au ataandika zote mbili zikiwa zimeshikana, tarakimu kumi zisizoeleweka. Mpe nambari mpya ya tatu kwa jumla ya oda zote mbili, uandike kwenye daftari kwamba 47258 imebeba zile mbili za mwanzo, na zile mbili uzifunge zisipokee malipo tena. Ukimtumia maelekezo, mwambie waziwazi kwamba nambari za zamani hazitumiki. Ataulizia kwa nini, na ni haki yake aelezwe: "Shangazi, nimeziunganisha oda zako ziwe moja, lipa kwa hii tu, mizigo yote itakuja pamoja."